Jedwali la wananadharia watano wa sosholojia ya elimu: jinsi ya kujaza dai, istilahi na ukosoaji unaolenga

Wanafunzi wa ualimu hapa Lamu huniletea majedwali yao ya wananadharia niyapitie kabla ya mtihani, na karibu kila mara kasoro huwa mahali pale pale: safu ya ukosoaji. Kwa Durkheim wameandika "nadharia yake imepitwa na wakati". Kwa Bourdieu, "hakuzingatia Afrika". Kwa Freire, "ni vigumu kutekelezwa". Hebu zibadilishe mahali sentensi hizo tatu, ya Freire umpe Durkheim na ya Durkheim umpe Bourdieu, uone kama kuna atakayegundua. Ukosoaji unaomfaa kila mtu haumgusi yeyote, na mtahini hawezi kuupa alama kwa sababu hauonyeshi kama ulimwelewa unayemkosoa.

Mwongozo huu unahusu jedwali la ukurasa mmoja lenye watu watano: Durkheim, Parsons, Bowles na Gintis (hawa waliandika pamoja, kwa hiyo nawahesabu kama mmoja), Bourdieu na Freire. Bourdieu nitamjaza kwa kirefu, kwa sababu ndiye anayewasumbua wengi na ndiye anayeeleweka vizuri ukimleta katika darasa la kwetu. Wengine nitawapitia kwa kasi zaidi, nikisimama pale penye mtego.

## Vifaa

- Karatasi ya A4, na nyingine moja ya rasimu.
- Penseli, kifutio na rula. Kalamu ya wino itumike mwishoni tu.
- Kalamu ya rangi moja, ya kuchorea mishale.
- Daftari lako la somo, pamoja na sura ya kitabu inayomhusu kila mwananadharia.
- Mwenzako mmoja wa darasani, ambaye utamhitaji hatua ya mwisho.

Piaget na Vygotsky wasiingie humu. Wao walishughulika na jinsi akili ya mtoto inavyokua na kujifunza, wakati hawa watano wanaulizia shule inaifanyia nini jamii. Ukiwachanganya, safu ya dai kuu itakuwa inajibu maswali mawili tofauti na hutaweza kulinganisha chochote. Wape karatasi yao.

## Hatua ya 1: Chora safu kwa vipimo

Laza karatasi kwa upana. Acha ukingo wa sentimita 1.5 kila upande, utabaki na upana wa sentimita 26.7. Ugawe hivi: jina 3.7, dai kuu 9, istilahi 4, ukosoaji 10. Kwa kimo, kichwa cha jedwali kipate sentimita 2 na kila mwananadharia 3.2.

Vipimo hivi vina sababu. Kisanduku cha kimo cha sentimita 3.2 hubeba mistari minne hivi ya mwandiko wa kawaida, na mistari minne inakulazimisha uchague la kuandika. Safu ya ukosoaji nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa makusudi, kwa kuwa wengi huichora nyembamba na kuifanya mahali pa kutupia maneno mawili.

Umefaulu iwapo jedwali tupu limeenea ukurasa mmoja na hakuna safu uliyolazimika kuiendeleza nyuma ya karatasi.

## Hatua ya 2: Andika dai kuu kama sentensi inayoweza kukataliwa

Kosa la kawaida hapa ni kuandika mada mahali pa dai. "Bourdieu alizungumzia mtaji wa kitamaduni" si dai. Hakuna mtu anayeweza kubisha kwamba alizungumzia.

Tumia umbo hili kwa wote watano: *shule hufanya jambo fulani, kwa njia fulani, na matokeo yake ni haya.* Sehemu ya katikati, ile njia, ndiyo inayorukwa na ndiyo inayowatenganisha wananadharia. Bowles na Gintis wanasema shule huendeleza ukosefu wa usawa. Bourdieu naye anasema hivyo hivyo. Ukiacha njia, watu hawa watatu watakuwa na kisanduku kimoja.

Sasa tumjaze Bourdieu. Pamoja na Jean-Claude Passeron alichapisha kazi kubwa kuhusu jambo hili mwaka 1970. Kabla ya kuandika dai lake, tulione darasani.

Chukua watoto wawili wa darasa moja hapa kisiwani. Mmoja amekulia Langoni, na nyumbani kwao husemwa Kiamu tangu asubuhi hadi usiku. Mwenziwe ni mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, na kwao husemwa Kiswahili cha shule na Kiingereza, na kuna rafu ya vitabu vya hadithi sebuleni. Mwalimu anawapa insha. Yule wa kwanza anaandika "mato" panapotakiwa "macho", na "ndia" panapotakiwa "njia". Insha inarudi imejaa wino mwekundu. Ya mwenziwe inarudi safi, na pembeni imeandikwa "hongera, una kipaji cha lugha".

Mwalimu hakuonea mtu. Alisahihisha kwa kipimo alichopewa, na kipimo hicho ni Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Lakini yule mtoto wa pili hakufundishwa shuleni kile alichosifiwa kwacho. Alikuja nacho kutoka nyumbani. Shule imekipokea, ikakipa jina la kipaji, ikakigeuza alama. Mtoto wa Langoni naye alikuja na lugha nzima, yenye tenzi na methali zake, ila siku ya insha haikumletea alama.

Hapo ndipo Bourdieu anaposimama, na dai lake linaandikika hivi: *shule hupima watoto wote kwa utamaduni wa tabaka lenye nguvu na kuuita akili au kipaji, kwa hiyo waliozaliwa nao hufaulu, na tofauti za kitabaka zinaendelea zikionekana kama stahili ya kila mtu.*

Tahadhari. Usiandike kwamba Bourdieu anasema maskini hushindwa kwa kukosa ada. Hilo lipo, lakini ni suala la mtaji wa kiuchumi. Katika mfano wetu, mtoto wa Kiamu anaweza kuwa wa familia yenye nyumba kubwa ya mawe Mkomani na pesa za kutosha, na bado insha yake ikarudi nyekundu. Kutenganisha mitaji hii miwili ndiyo thamani ya nadharia yenyewe.

Umefaulu iwapo mtu anaweza kukisoma kisanduku chako akasema "mimi sikubali, kwa sababu…" na akaendelea.

## Hatua ya 3: Chagua istilahi moja, uitegemeze kwenye dai

Bourdieu ana istilahi nyingi, na wanafunzi huzirundika zote kwenye kisanduku kimoja. Chagua moja. Kanuni ni rahisi: istilahi muhimu ni ile ambayo ukiiondoa, dai linaanguka. Kwake ni *mtaji wa kitamaduni*.

Andika istilahi jinsi mwalimu wako anavyoitaja katika mtihani, kisha chini yake ufafanuzi wa mstari mmoja kwa maneno yako. Katika insha yake ya mwaka 1986 kuhusu aina za mtaji, Bourdieu anaeleza kuwa mtaji wa kitamaduni huwa na hali tatu: ulioingia mwilini, kama namna ya kusema na kujiamini mbele ya mwalimu, ulio katika vitu, kama ile rafu ya vitabu, na uliothibitishwa na taasisi, yaani cheti. Hali ya kwanza ndiyo ngumu kuonekana, na ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu humchukua mtoto miaka mingi kuipata na haiwezi kununuliwa kwa siku moja kama kitabu.

Kuna jambo hapa linalowachanganya wasomaji wa Lamu hasa. Mtoto yule yule wa Kiamu akifika sekondari atakutana na ushairi wa zamani, na "mato" ile ile itakuwa sasa ni matumizi ya lahaja yanayostahili maelezo na alama. Je, nadharia imevunjika? Haijavunjika. Bourdieu anasema mtaji hauna thamani peke yake. Thamani hupewa na uwanja ambamo unatumika, na kila uwanja una watu wenye mamlaka ya kusema kipi kinahesabiwa. Katika insha ya shule ya msingi Kiamu hakihesabiwi. Katika swali la ushairi kinahesabiwa, kwa kuwa waliotunga mtihani wamekubali hivyo. Mfano huu mmoja ukiuandika vizuri katika jibu unatosha kuonyesha umemwelewa.

Umefaulu iwapo unaweza kuiunga istilahi na dai kwa neno "kwa sababu" bila kutafuta maneno ya kujaza.

## Hatua ya 4: Tunga ukosoaji unaopiga dai lenyewe

Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 2 uitazame katika sehemu zake tatu: shule hufanya nini, kwa njia gani, na matokeo. Ukosoaji mzuri hugonga sehemu moja kati ya hizo. Jiulize: kama dai ni kweli, tungetarajia kuona nini shuleni au katika jamii? Kisha uliza kama ndicho kinachoonekana.

Kwa Bourdieu, kama shule huendeleza tofauti za kitabaka, basi watoto ambao wazazi wao hawakusoma wangebaki chini kwa wingi. John Goldthorpe, katika makala ya mwaka 2007, alishika hapo hapo. Alisema katika nchi zilizopanua elimu, watoto wengi wa familia zisizo na mtaji huo walipanda kuliko wazazi wao kupitia shule, jambo ambalo nadharia ya kuzalisha upya tabaka haikulitegemea.

Wengi huishia hapo, ilhali kuna jibu unalopaswa kulijua. Bourdieu na Passeron walijua kwamba wako watoto wa tabaka la chini wanaofika chuo kikuu. Walisema hao ni waliochujwa vikali kuliko wenzao, kwa hiyo kufaulu kwao hakuupingi mchujo wenyewe. Basi ukiandika "lakini mimi namjua mtoto wa mvuvi wa Shela aliyekuwa daktari", umemkosoa kwa jambo alilokwisha kulijibu. Mfano wa mtu mmoja hautoshi. Hoja ya Goldthorpe ina nguvu kwa sababu inazungumzia wingi: waliopanda si wachache wa kuitwa bahati.

Kisanduku kiwe hivi: *Goldthorpe: upanuzi wa elimu uliwapandisha watoto wengi wasio na mtaji huo, wingi wao hauelezeki kwa mchujo pekee.*

Tahadhari. "Hakuzingatia Afrika" inaweza kuwa ukosoaji halali, ila lazima useme ni nini cha Afrika kinachobadilisha dai. Kwa mfano, ungeweza kuhoji: pale ambapo lugha ya shule si lugha ya nyumbani ya karibu mtoto yeyote darasani, je, faida ya kuzaliwa na utamaduni wa shule ni kubwa kama alivyoiona Ufaransa? Hilo ni swali linalogonga dai. Bila hilo, jina la bara halikosoi kitu.

Umefaulu iwapo ukosoaji ukihamishwa kwenda kwa mwananadharia mwingine, unakuwa hauna maana.

## Hatua ya 5: Jaza wanne waliobaki

Durkheim. Kwake, shule humfundisha mtoto maadili ya pamoja ambayo familia peke yake haiwezi kuyatoa, na hivyo watu wasiojuana huweza kuishi kama jamii moja. Ukosoaji wa kawaida ni kuuliza "maadili ya nani?", nao unafaa. Wa David Hargreaves wa mwaka 1982 naupenda zaidi kwa sababu unaingia darasani: shule ya leo hupanga watoto kwa nafasi na kuwashindanisha mmoja mmoja, kwa hiyo inaweza kuwa inafundisha kila mtu kujitazama mwenyewe, kinyume cha mshikamano.

Parsons. Makala yake ya mwaka 1959 kuhusu darasa kama mfumo wa kijamii inasema shule ni daraja kati ya nyumbani na jamii kubwa. Nyumbani mtoto hupendwa kwa kuwa ni wetu. Shuleni hupimwa kwa kigezo kimoja na wenziwe wote. Ukosoaji: kigezo kimoja kwa walioanza mahali tofauti hakiwi haki kwa kuwa tu ni kimoja. Ukiona hoja hiyo inafanana na mstari wa Bourdieu, umeona vizuri. Chukua kalamu ya rangi uchore mshale kutoka Bourdieu kwenda Parsons. Mishale ya namna hii ndiyo inayoligeuza jedwali kuwa la kulinganisha.

Bowles na Gintis. Mwaka 1976, kwa mtazamo wa Umaksi, walidai kuwa mahusiano ya shuleni yanalingana na ya kazini: kutii, kufuata kengele, kufanya kazi kwa ajili ya alama kama vile mfanyakazi afanyavyo kwa ajili ya mshahara. Angalia njia: kwao shule hujenga *tabia* ya kazi, kwa Bourdieu hupima *utamaduni*. Ukosoaji unatoka kwa Paul Willis, aliyewafuatilia vijana 12 wa tabaka la wafanyakazi katika mji wa viwanda Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1977. Vijana hao hawakutii kabisa. Waliidharau shule, wakamcheka mwalimu, na bado wakaishia viwandani. Usimwandike Willis kama mpinzani wa Umaksi. Naye aliona ubepari unapata vibarua wake, ila kwa njia tofauti na ile ya utiifu.

Freire. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970. Dai: elimu inayomfanya mwalimu mwekaji na mwanafunzi chombo cha kuwekewa, aliyoiita elimu ya kibenki, humzoesha mtu kuukubali uonevu, elimu ya mazungumzo humwezesha kuusoma ulimwengu wake na kuubadilisha. Ukosoaji wa Kathleen Weiler, 1991: anagawa watu mafungu mawili, waonevu na waonewa, ilhali mtu mmoja anaweza kuonewa kazini na kumwonea mkewe nyumbani.

Kwa Freire kuna mfano ambao nauona kila mwaka na ningependa uachwe: mtoto anayehifadhi Kurani chuoni kuwekwa kama elimu ya kibenki. Freire hakudai kwamba kuhifadhi ni uonevu. Alichouliza ni nani anaruhusiwa kuuliza, na maarifa ya nani yanahesabiwa kuwa maarifa. Mfano unaomfaa zaidi ni kipindi cha historia ambapo watoto wananakili ubaoni habari za biashara ya majahazi, na katika darasa lile lile yupo mtoto ambaye babu yake alikuwa nahodha, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Jedwali likikamilika litakuwa na sura hii:

| Mwananadharia | Dai kuu | Istilahi | Ukosoaji |
|---|---|---|---|
| Durkheim | Shule hupanda maadili ya pamoja kwa mafunzo ya mpango, ndipo jamii ikashikamana. | Mshikamano wa kijamii | Hargreaves: mashindano ya mitihani hufundisha kujitazama mwenyewe. |
| Parsons | Shule humtoa mtoto kwenye upendeleo wa nyumbani kwa kumpima kwa kigezo cha wote, ikamgawia nafasi kwa stahili. | Vigezo vya jumla | Kigezo kimoja hakina haki iwapo walianza mahali tofauti. |
| Bowles na Gintis | Shule huzoesha utiifu kwa kuiga mahusiano ya kazini, ikauandalia ubepari wafanyakazi. | Kanuni ya ulinganifu | Willis: vijana waliokataa kutii waliishia viwandani vile vile. |
| Bourdieu | Shule hupima kwa utamaduni wa tabaka lenye nguvu na kuuita kipaji, ikaendeleza tofauti. | Mtaji wa kitamaduni | Goldthorpe: wengi wasio nao walipanda, wingi wao hauelezeki kwa mchujo pekee. |
| Freire | Elimu ya kuwekewa huzoesha uonevu. Ya mazungumzo huamsha utambuzi wa kuubadilisha. | Elimu ya kibenki | Weiler: mtu mmoja huweza kuwa mwonewa hapa na mwonevu pale. |

Usilinakili hili kama lilivyo. Andika madai kwa maneno yako, kwa sababu jaribio linalofuata linapima kama maneno hayo unayamiliki.

## Hatua ya 6: Lijaribu kwa mwenzako

Funika safu ya jina na ya istilahi kwa karatasi. Mwenzako asome dai na ukosoaji, ataje ni nani. Akisita kati ya Bowles na Bourdieu, njia haijaonekana katika dai. Rudi hatua ya 2. Akisita kati ya Durkheim na Parsons, tazama kama umeandika "shule hujenga jamii" kwa wote wawili, kisha mrudishie Parsons kigezo chake na Durkheim maadili yake.

Kisha andika ukosoaji wote watano kwenye vipande vya karatasi, uvichanganye, umpe avirudishe mahali pake. Kipande kinachoweza kukaa mahali pawili kiandikwe upya. Mara nyingi kitakuwa cha Parsons, kwa kuwa hoja ya kuanza mahali tofauti huwavutia watu kuitumia kila pahali. Kifunge kwa kutaja neno "kigezo" ndani yake.

## Hatua ya 7: Geuza mstari mmoja kuwa aya

Mtihani hautakuuliza jedwali. Chukua mstari wa Bourdieu uusome kutoka kushoto kwenda kulia, ukiandika sentensi moja kwa kila kisanduku na mfano mmoja katikati: dai, istilahi inayolibeba, insha ya mtoto wa Langoni, hoja ya Goldthorpe, na jibu ambalo Bourdieu angelitoa. Baada ya hapo fuata mshale wako wa rangi hadi kwa Parsons na uandike sentensi moja ya kuwalinganisha. Ukiona aya imegoma kuendelea baada ya istilahi, kisanduku cha dai bado kina mada, hakijawa na dai.